Mshirika kaondoka, deni la kodi limebaki

Wengi wetu tuliorudi kutoka Tanzania tulisoma kwa Kiswahili na Kiingereza, lakini barua za ofisi za Bujumbura huandikwa kwa Kifaransa. Ndiyo maana sisi walimu huletewa karatasi zisizohusu shule kabisa. Mwaka 2017 mama mmoja muuza vitenge wa Buyenzi, ambaye nilikuwa nikimfundisha mwanawe, aliniletea barua ya kodi.

"Mwalimu, nisomee. Mimi naona namba tu na jina langu."

Namba hiyo ilikuwa faranga 4,800,000. Duka alilianzisha na mwenzake mwaka 2012, nusu kwa nusu. Mwezi Mei 2015, mji ulipochafuka, mwenzake alivuka mpaka kwenda Kigoma na hakurudi. Mama akaendelea kuuza peke yake hadi Desemba, kisha akafunga. Hoja yake ilikuwa moja: "Mimi nalipa nusu yangu. Nusu nyingine wamtafute mwenyewe."

Nilimwomba karatasi za kuanzisha duka. Hapo ndipo jibu lilipo, wala si kwenye barua ya kodi. Walikuwa wameandikisha kampuni ya aina ya S.N.C., ile ambayo washirika wote husimama kwa majina yao. Kwa sheria ya makampuni ya 30 Mei 2011, washirika wa namna hiyo hubeba madeni ya kampuni bila kikomo na kwa pamoja. Maana ya "kwa pamoja" si nusu kwa nusu. Ni kwamba mdai anaweza kumshika yeyote kati yao na kumdai yote. Bila shaka atamshika yule aliyepo mjini. Lau wangeandikisha S.P.R.L., kila mmoja angepoteza mtaji alioweka tu, mradi hakuweka dhamana binafsi wala hakukosea yeye mwenyewe katika uendeshaji.

Na yale makubaliano ya nusu kwa nusu? Yapo na yana nguvu, lakini kati yao wawili. Amri ya 30 Julai 1888, ambayo ilitungwa kwa ajili ya Kongo na baadaye ikatumika hapa kwetu katika mambo ya mikataba, inasema mkataba hauwafungi wasiokuwamo. Ofisi ya kodi haikuwamo. Amri hiyo hiyo inampa aliyelipa deni lote haki ya kumdai mwenzake fungu lake, na fungu hilo tu.

Basi tuliacha kubishana na barua, tukaomba mchanganuo wa deni mwaka kwa mwaka. Ulipokuja ulionyesha kodi ya mwaka 2014 faranga 2,400,000, kodi ya 2015 faranga 900,000, na adhabu 1,500,000. Sasa tarehe ya kuondoka ikawa na kazi. Kodi ya 2014 ni ya wote wawili, kwa hiyo fungu la mwenzake ni 1,200,000. Ya 2015 tuliigawa kwa miezi: Januari hadi Mei ni 375,000, na nusu yake ni 187,500. Jumla anayodaiwa mwenzake, ukiacha adhabu, ni 1,387,500. Kuhusu adhabu walibishana sana. Aliyeondoka alisema hakuwapo. Lakini tamko la mapato ya 2014 lilitakiwa kufika mwisho wa Machi 2015, naye wakati huo alikuwa bado anafungua duka kila asubuhi! Kuchelewa huko kwa mwanzo ni kwa wote. Kilichoongezeka baadaye ni kwa aliyebaki.

Jambo moja lilimuumiza mama kuliko mengine. Duka lilifungwa, lakini namba ya kodi, ile NIF, haikufungwa, wala kuondoka kwa mshirika hakukuandikwa katika sajili ya biashara. Kwa ofisi, kampuni ilikuwa hai na washirika wawili, na kampuni hai isiyotoa tamko huandikiwa adhabu hata kama haikuuza kipande kimoja cha kitenge.

Mama aliandika barua ya kuomba kulipa kwa awamu, akahakikisha nakala yake imegongwa mhuri wa kupokelewa kabla ya muda uliotajwa kupita. Kila risiti aliomba itaje jina lake na NIF ya kampuni, maana risiti isiyosema nani kalipa haimsaidii mtu kumdai mwenzake.

Kumdai mtu aliye Kigoma ni kazi nyingine. Hukumu ya mahakama ya Bujumbura haitekelezwi Tanzania moja kwa moja. Wafanyabiashara wa mpakani wanalijua hili, ndiyo maana wazee wa familia zote mbili walikutana Manyovu, wakaandika karatasi ya kukiri deni, na mwenzake akaitia sahihi mbele ya mashahidi wawili. Analipa kwa vitenge, gora kwa gora, na kila gora linaandikwa bei yake siku hiyo hiyo.