Mtaala Ulioboreshwa: Mwalimu Aangalie Kundi, Asiangalie Namba ya Darasa

Katika vikao ambavyo Afisa Elimu huwaeleza walimu kuhusu mtaala ulioboreshwa, swali ambalo huzua mkanganyiko mkubwa ni hili: ni nani anayesoma mtaala upi, na mpaka lini? Makala hii inafafanua jambo hilo kwa walimu wa shule za msingi na kwa wazazi wa Kata ya Dunda.

Chimbuko la mabadiliko ni Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, Toleo la 2023. Sera hiyo imeweka elimu ya lazima ya miaka kumi, yaani sita ya elimu ya msingi na minne ya sekondari ya chini. Mtaala haukuingizwa katika madarasa yote kwa pamoja. Kwa upande wa shule za awali na msingi, utekelezaji ulianza Januari 2024 kwa elimu ya awali, darasa la kwanza na darasa la tatu. Tangu hapo mtaala unapanda pamoja na watoto walioanza nao.

Kwa hiyo kundi lililokuwa darasa la tatu mwaka 2024 lilipaswa kuwa darasa la nne mwaka 2025, la tano mwaka 2026 na la sita mwaka 2027, ambako ndiko litakakohitimu. Kundi lililolitangulia, lililokuwa darasa la nne mwaka 2024, linaendelea na mtaala wa zamani hadi darasa la saba, mwaka huohuo wa 2027. Hivyo makundi mawili yatamaliza elimu ya msingi kwa pamoja na kugonga mlango wa kidato cha kwanza Januari 2028.

Hapa ndipo makosa hutokea. Mwalimu aliyefundisha darasa la tano mwaka 2025 alitumia muhtasari wa zamani. Mwalimu wa darasa lilelile mwaka 2026 anatumia muhtasari mpya. Akinakili azimio la kazi la mwaka uliotangulia na kubadilisha tarehe tu, atakuwa anafundisha masomo ambayo kundi lake halina tena. Mwalimu mkuu anaweza kuligundua kosa hilo kwa kusoma majina ya masomo. Azimio la darasa la mtaala mpya likitaja Maarifa ya Jamii au Uraia na Maadili, limetoka katika mtaala wa zamani. Katika mtaala mpya mwanafunzi husoma Jiografia na Mazingira, na pia Historia ya Tanzania na Maadili.

Tuchukue mfano wa mwanafunzi aliyekuwa darasa la nne mwaka 2024, akalikariri darasa hilo mwaka 2025. Mzazi huhesabu kwamba mtoto amepoteza mwaka mmoja. Tukihesabu kwa makini, sivyo. Mtoto huyo ameliacha kundi la miaka saba na kuingia la miaka sita. Mwaka 2026 atakuwa darasa la tano na mwaka 2027 darasa la sita. Atahitimu mwaka uleule na wale aliowaacha mbele.

Hata hivyo, mtoto huyo ana pengo. Darasa la tatu alilisoma kwa mtaala wa zamani, hali wenzake wapya wamejenga msingi wa Historia ya Tanzania na Maadili tangu darasa hilo. Kumpa vitabu vipya hakutoshi. Mwalimu amweke mbele ya kazi chache za muhtasari wa darasa la tatu na kutazama anachokiweza. Huenda akamkuta anaisoma ramani vizuri, kwa kuwa ujuzi huo ulikuwamo katika Maarifa ya Jamii. Lakini akitakiwa aeleze magofu ya Kaole au jengo la Caravan Serai, ambalo hulipita kila siku, yanatufunza nini kuhusu waliotutangulia, pengine atakwama. Afidiwe pale tu alipokwama, asirudishwe mwanzo wa kila kitu.

Uangalifu huohuo unahitajika kwa mwanafunzi anayehamia. Barua ya uhamisho inayotaja namba ya darasa pekee haitoshi. Ni vema mwalimu mkuu aandike pia mwaka ambao mtoto alianza darasa la tatu. Aliyelianza kabla ya mwaka 2024 na hajakariri ni wa mtaala wa zamani, na aliyelianza mwaka 2024 au baadaye ni wa mtaala mpya.

Hesabu hiyo inaihusu pia mipango ya kata. Shule ikitoa takwimu za wanaohitimu mwaka 2027 kwa kuhesabu darasa la saba peke yake, itakuwa imeacha kundi zima la darasa la sita. Upungufu huo utaonekana Januari 2028, watoto watakapofika sekondari na kukuta vyumba na madawati vimeandaliwa kwa kundi moja tu. Walimu wakuu wanaombwa kuorodhesha makundi yote mawili, kila moja kwa jina lake, na kuzitaja jumla zake mbele ya kamati za shule mapema.