Nta ya Mshumaa Mezani na Kwenye Pazia

Umeme ukikatika usiku na mshumaa ukawekwa mezani karibu na dirisha, upepo kidogo unatosha. Pazia linapepea, mshumaa unaanguka, na nta inamwagika mezani na kulirukia pazia. Wengi hukimbilia kitambaa na kuanza kufuta. Wanakosea. Nta ikiwa bado majimaji, kuifuta ni kuitandaza: mezani inaenea na kujaza kila mchubuko wa vanishi, na kwenye pazia inasukumwa katikati ya nyuzi. Zima mshumaa, kisha iache nta igande yenyewe.

Mishumaa mingi ya dukani hutengenezwa kwa parafini, ambayo hutokana na mafuta ghafi. Parafini huyeyuka kwenye joto la nyuzi 50 hadi 65 hivi, na haiyeyuki katika maji, ndiyo maana maji baridi na sabuni havifui dafu. Zinabaki njia mbili: kuigandisha hadi ibanduke, au kuiyeyusha ili inywewe na kitu kingine. Meza iliyopakwa vanishi inataka njia ya kwanza. Pazia linahitaji zote mbili.

Tuanze na meza. Tia vipande vya barafu kwenye mfuko wa plastiki, ufunge vizuri, uufunike kwa kitambaa kikavu, kisha uuweke juu ya nta kwa dakika chache. Barafu isiguse mbao moja kwa moja, kwa sababu maji yakipenya chini ya vanishi huacha alama nyeupe. Nta ikishakuwa ngumu, chukua kadi ya benki iliyokwisha muda wake, ilaze karibu iguse meza, na usukume taratibu kufuata mistari ya mbao. Nta itabanduka vipande vipande. Kisu usikikaribie, mkwaruzo wa kisu hautoki bila msasa na vanishi mpya.

Utando mwembamba utakaobaki, usugue kwa kitambaa kikavu cha pamba. Ukipitisha kidole na bado kinateleza kuliko sehemu nyingine ya meza, nta ipo. Hapo weka matone machache ya mafuta ya taa kwenye kitambaa, ujaribu kwanza chini ya meza pasipoonekana, kisha ufute doa. Malizia kwa kitambaa chenye maji kidogo na sabuni, ukaushe mara moja. Thina usiitumie kabisa, maana inaweza kuondoka na vanishi yenyewe. Pasi nayo, ambayo watu hushauriana sana, naikataa kwa meza ya vanishi: joto lake hulainisha vanishi na kuacha ukungu mweupe, na kuutoa ukungu huo ni kazi ngumu kuliko kuitoa nta.

Pazia lina shida nyingine, kwa kuwa nta imeingia ndani ya kitambaa. Lishushe, ulikunje nta ikiwa juu, ulitie kwenye friza kwa saa moja hivi, au tumia ule mfuko wa barafu. Likitoka, kunja kitambaa penye doa ili nta ipasuke, kisha uibandue kwa ukucha au kadi. Kadiri utakavyobandua zaidi sasa, ndivyo pasi itakavyokuwa na kazi ndogo.

Sasa tandaza pazia kwenye meza ya kupigia pasi, uweke karatasi nyeupe ya tishu chini na juu ya doa. Gazeti halifai, wino wake utahamia kwenye kitambaa. Zima mvuke na uweke pasi kwenye joto la chini kabisa. Mapazia mengi ni ya poliesta, ambayo hung'aa au kusinyaa kwa moto mkali, na hakuna haja ya moto mkali, kwani hata joto la chini la pasi linapita lile linaloyeyusha nta. Gusisha pasi kwa sekunde chache, uinue, utazame karatasi. Utaona duara la mafuta. Badilisha karatasi kila mara, la sivyo nta itarudi ilikotoka. Endelea mpaka karatasi itoke kavu, kisha nyanyua kitambaa mbele ya mwanga: penye nta bado pataonekana kama karatasi iliyolowa mafuta.

Baada ya hapo paka sabuni ya maji ya vyombo upande wa nyuma, uache kidogo, ufue kwa maji ya moto kadiri lebo ya pazia inavyoruhusu. Usipitishe mafuta ya taa wala petroli kwenye kitambaa kitakachopigwa pasi, kwani mvuke wake hushika moto.

Mshumaa mwekundu au wa rangi nyingine unaweza kuacha rangi hata nta ikiisha. Rangi hiyo isipotoka kwa kufua, usilipige pasi tena pazia, maana joto huzidi kuishikiza. Lipeleke drai klina, na uwaambie mapema kwamba doa lilitokana na nta ya mshumaa wa rangi.