Vyeti Vitatu au Shahada Moja?

Swali hili huulizwa sana siku hizi na wale wanaotaka kuacha mizani na jembe waingie katika kazi ya kuchambua takwimu: je, mtu akusanye vyeti vifupi kadhaa, au ajitose katika shahada moja ya uzamili?

Tulitazame kutoka Kashojwa, ndani ya makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inamruhusu mkimbizi kufanya kazi, na kwa hiyo anayekaa huko anaweza kutafuta kazi hata Mbarara mjini. Tuchukue watu wawili. Wa kwanza ni karani wa mizani katika shamba la chai, aliyemaliza sekondari. Wa pili ni mwalimu kutoka Kongo mwenye licence ya uchumi.

Kwa yule karani, uzamili haumo kabisa katika hesabu. Chuo kikuu hakimpokei mtu katika uzamili bila shahada ya kwanza, na vyeti vifupi, hata viwe kumi, havijumlishwi vikawa shahada. Hapo ndipo wengi hudanganyika. Njia yake ya kupanda ni stashahada, au mtihani wa kujiunga na chuo kikuu ambao Uganda imewawekea watu wazima, kisha shahada ya kwanza.

Mwalimu mlango anao, ila una kufuli. Licence yake lazima ilinganishwe na shahada za Uganda na Baraza la Taifa la Elimu ya Juu, na karatasi za Kifaransa zinahitaji kwanza tafsiri ya Kiingereza iliyothibitishwa. Shughuli hiyo aianze mapema, hata kama hajaamua kusoma, kwa sababu tangazo la kazi linalotaka shahada nalo litamdai karatasi hiyo hiyo. Uzamili wenyewe kwa kawaida huchukua miaka miwili, pamoja na tasnifu. Unamfaa anayetaka kufundisha chuoni au kuongoza utafiti. Kwa kazi ya kwanza ya kuchambua takwimu, naona ni mzigo mzito kuliko safari.

Sasa vyeti. Kipo cheti cha Google cha uchambuzi wa takwimu, kilichoanza kutolewa mwaka 2021 kwa njia ya Coursera, na kipo cha IBM. Vyote viwili havidai shahada. Vyote viwili vinafundisha jedwali la kompyuta na SQL, yaani lugha ya kuulizia kumbukumbu. Vinapoachana ni hapa: cha Google kilifundisha lugha ya R, cha IBM kinafundisha Python. Basi mwenye kuvichukua vyote amesoma mambo yale yale mara mbili. Mwajiri anayejua kazi hilo huliona upesi. Cheti kimoja cha mwanzo kinatosha. Cha pili kiwe cha jambo ambalo cha kwanza hakikulifundisha.

Kisha ionyeshwe kazi yenyewe. Karani wetu anayo tayari mikononi. Tuseme ameingiza katika Excel mizigo 90 ya majani mabichi: safu ya B ni namba ya mchumaji, safu ya C ni kilo. Anataka kilo za mchumaji M07:

```
=SUMIF(B2:B91,"M07",C2:C91)
```

Kompyuta inatoa 412. Lakini stakabadhi za mchumaji zinafika kilo 540. Jumla ya shamba zima ni sahihi kabisa, kwa hiyo ofisini hakuna anayeshtuka. Karani anapopanga safu ya B kwa herufi anaona kilo 96 zimeandikwa "M7" na kilo 32 zimeandikwa "M 07". Excel haijali herufi kubwa au ndogo katika hesabu hii, lakini sifuri iliyokosekana na nafasi iliyoingia katikati huzihesabu kuwa ni mtu mwingine. Kilo 128 zimepotea katika mshahara wa mtu, na wala hakuna aliyeziiba.

Karani akiandika ukurasa mmoja kueleza alivyoligundua kosa hilo, alivyolisahihisha, na alivyokagua tena kwa stakabadhi, ana kitu cha kuweka mezani siku ya mahojiano. Asitoe nje daftari la mwajiri wala majina ya wenzake. Atengeneze nakala yenye namba na kilo za kubuni, kosa likiwa lile lile.

Mipaka ipo. Tangazo likisema "shahada" ni sharti, barua ya karani mara nyingi itawekwa kando kabla ukurasa wake haujasomwa. Kwa hiyo aanzie pale wanapotaka mtu wa kuingiza na kusafisha kumbukumbu, kama kwenye maghala, viwanda vya maziwa vya Mbarara na mashirika yanayofanya tafiti makazini. Mwalimu naye asome cheti kimoja huku karatasi zake zikishughulikiwa, akusanye matangazo ya kazi anazozitaka, na ahesabu ni mangapi kati yake yanayotaja uzamili kabla hajalipa ada yoyote.