Nukta Iliyomezwa na Michirizi

Msimu wa kahawa ulikuwa umepamba moto, nami nilihitaji orodha ya mizigo iliyopokelewa ghalani na chama kimoja cha ushirika. Kompyuta ya ofisi yao haikuwa na intaneti, na flashi iliyokuwapo ilijaa virusi. Karani akatoa simu, akaielekeza kwenye skrini, akapiga picha. "Hilo hapo kaka, soma tu," akaniandikia.

Kwa macho lilisomeka. Juu ya safuwima za kilo na bei palikuwa na michirizi ya zambarau na kijani, imejipinda kama maji yanayotikisika, na upande wa kulia dirisha la ofisi lilikuwa limejichora kama kipande cheupe. Sikujali. Niliipitisha picha kwenye programu ya kutoa majedwali, ikanirudishia lahajedwali safi kabisa, kila namba ndani ya kisanduku chake. Safumlalo ya kwanza ilisema mkulima ameleta kilo 865. Alikuwa ameleta 86.5.

Michirizi ile hutokea vipi, ilhali kwenye skrini haipo? Chukua vyandarua viwili, laza kimoja juu ya kingine, kisha vitazame dhidi ya mwanga wa dirisha. Utaona mawimbi ambayo hayamo katika chandarua chochote kati ya hivyo viwili. Sogeza kimoja kidole kimoja tu, mawimbi yote yanahama. Yanazaliwa pale matundu ya chandarua cha kwanza yanapokaribia kulingana na ya pili lakini yasilingane sawasawa.

Skrini ni chandarua cha kwanza. Kwenye kompyuta ya kawaida ya mapajani ya inchi 15.6, yenye pikseli 1920 kwa upana, kila pikseli ina upana wa takriban milimita 0.18, na ndani yake mna vijisehemu vitatu: chekundu, kijani na buluu. Chandarua cha pili kimo ndani ya simu. Ni kihisi cha kamera, nacho kimegawanyika katika vijiseli ambavyo kila kimoja kimefunikwa kichujio cha rangi moja tu, kwa mpangilio ambao Bryce Bayer wa kampuni ya Kodak alipewa hataza yake mwaka 1976: nusu ya vijiseli ni vya kijani, robo vyekundu, robo vya buluu.

Sasa tuseme umesimama mahali ambapo pikseli zile 1920 za skrini zimeangukia vijiseli 2000 vya kihisi. Vyandarua viwili vitaachana na kukutana tena mara 80 kutoka ukingo hadi ukingo, na picha itakuwa na michirizi 80. Sogea nyuma kidogo, pikseli zile ziangukie vijiseli 1940, michirizi inabaki 20 lakini kila mmoja unakuwa mnene. Ndiyo maana mkono ukitikisika tu sura yote inabadilika. Rangi nazo huharibika kwa sababu vijiseli vya rangi moja havipakani: chekundu hadi chekundu kinachofuata kuna nafasi ya viwili, kwa hiyo nyekundu na buluu hupotea njia mapema kuliko kijani. Hapo ndipo zambarau ile inapotoka.

Wataalamu huita michirizi hii mware, jina walilolichukua kwenye hariri ya Kifaransa yenye mawimbi. Lakini Wafaransa nao walilikuta njiani, kwa maana asili yake ni Kiarabu, mukhayyar, nguo ya manyoya ya mbuzi, kutoka mzizi uleule uliotupa sisi heri na hiari.

Kuna michirizi mingine isiyo ya ukoo huu, na ni vizuri kuitofautisha. Ukiona mikanda mipana ya giza, iliyonyooka, isiyo na rangi, hiyo ni taa ya nyuma ya skrini inayowaka na kuzimika haraka kuliko jicho linavyoona, huku kamera ikisoma picha mstari kwa mstari badala ya yote kwa mpigo. Kamera ikiruhusiwa kupokea mwanga kwa muda mrefu kidogo, mikanda hiyo hufifia.

Turudi kwenye zile kilo 865. Programu ya kutoa majedwali haisomi kama mtu. Aina iliyozoeleka huanza kwa kugeuza picha kuwa nyeusi na nyeupe tupu, kisha hutafuta mistari mirefu ya wima na ya mlalo. Mistari inapokatana, huhesabu visanduku. Mwisho huingia ndani ya kila kisanduku na kusoma herufi. Kosa la hatua ya kwanza hurithiwa na zote zinazofuata.

Katika kugeuza picha, programu lazima iamue weusi unaanzia wapi. Njia maarufu, aliyoichapisha Nobuyuki Otsu mwaka 1979, huchagua kiwango kimoja kwa picha nzima. Dirisha linapong'aa upande mmoja, kiwango hicho huvutwa juu na mng'aro, na upande wa pili wenye kivuli hugeuka weusi mtupu pamoja na namba zake. Dawa inayopendwa ni kuchagua kiwango kipya kwa kila eneo dogo la picha. Inafaa kwa kivuli, lakini michirizi inaipenda dawa hiyo: wimbi lililokuwa hafifu sasa linachorwa kwa wino mweusi, programu inaliona kama mstari wa jedwali, na safuwima ambayo hakuna aliyeiweka inazaliwa kati ya kilo na bei. Kinyume chake pia hutokea. Wimbi jeupe hukata mstari wa kweli, na visanduku viwili vinakuwa kimoja.

Makosa hayo ya maumbo si mabaya sana, kwa sababu yanaonekana. Jedwali la safuwima nne likitoka na sita, utashtuka. Ninayemwogopa mimi ni nukta. Namba zinapoandikwa kwa ukubwa wa kawaida, nukta ya desimali kwenye skrini ni pikseli moja au mbili tu. Yaani ni kubwa sawa na tundu la chandarua chenyewe. Programu nyingi husafisha michirizi kwa kutia ukungu kidogo, au kwa kufuta kila doa dogo kupita kiasi fulani, na hakuna namna ya kuzieleza kwamba doa hili ni uchafu na lile ni tofauti ya kilo 778 na nusu. Ukungu ukizidi, hata mdomo wa 3 huzibwa ikawa 8.

Mng'aro una ubaya wake. Picha ya kawaida huhifadhi mwanga wa kila pikseli kwa namba kutoka 0 hadi 255. Dirisha likiakisiwa kwenye kioo, eneo lile lote hufika 255, maandishi na karatasi sawasawa. Michirizi imefunika namba; mng'aro umeifuta. Ukipunguza mwanga baadaye kwenye simu, utapata kijivu badala ya nyeupe, basi. Na jedwali lisilo na mistari ya wima, kama lile la karani, lina hatari zaidi: kisanduku kikitoweka, programu inaweza kuvivuta vya kulia vikajaza pengo.

Hivi ndivyo safumlalo tatu zilivyokuwa kwenye skrini: namba ya mkulima, kilo, bei kwa kilo, na malipo.

```
0147   86.5   5,200   449,800
0152   63.0   5,200   327,600
0158   38.0   5,200   197,600
```

Na hivi ndivyo zilivyotoka:

```
0147   865    5,200   449,800
0152   5,200  327,600
0158   88.0   5,200   197,600
```

Ya kwanza imepoteza nukta. Ya pili imepoteza kilo kwa mng'aro, na bei imehamia mahali pa kilo. Ya tatu ina 3 iliyozibwa. Hakuna hata moja iliyotiwa alama ya shaka, na mpita njia angesema jedwali liko sawa ila kuna mahali hapakujazwa. Programu mpya zaidi zinaweza hata kujaza pengo hilo kwa namba ya kubuni inayofanana na jirani zake, jambo ambalo kwangu ni baya kuliko pengo.

Kilichoniokoa ni kwamba jedwali la malipo hujisema lenyewe. Kilo mara bei lazima ilingane na malipo. Nikaweka safuwima ya tano kwenye lahajedwali:

```
=B2*C2-D2
```

Penye sifuri pako salama. Safumlalo ya kwanza ilitoa tofauti ya zaidi ya milioni 4, na zote tatu zikajitenga na nyingine. Kisha nikarudi nyuma kwa kugawa: 449,800 kwa 5,200 ni 86.5, 327,600 kwa 5,200 ni 63, 197,600 kwa 5,200 ni 38. Jumla ya kilo 187.5 mara 5,200 ni 975,000, sawa na malipo yote matatu. Lakini bahati hii inapatikana tu pale namba moja inapotokana na nyingine. Orodha ya vipimo vya wagonjwa au alama za wanafunzi haina cha kugawa, na hapo hakuna njia ila kurudi kwenye skrini.

Kama huna budi kupiga picha, kwanza kuza maandishi kwenye skrini yenyewe kwa Ctrl na gurudumu la kipanya, upige vipande viwili au vitatu badala ya jedwali zima. Nukta itapanda kutoka pikseli moja hadi tatu au nne, na itaponea chujio. Funga pazia, zima flashi ya kamera. Piga mara mbili kutoka pembe tofauti: mng'aro huhama ukihama wewe, maandishi hayahami, hivyo kilichofutwa katika picha moja kitakuwapo katika nyingine. Michirizi ikitokea, badili umbali kwa hatua moja au inamisha simu kidogo.

Usihukumu picha ikiwa imejaa kwenye kioo cha simu. Simu nayo ni chandarua, na inaweza kuonyesha michirizi isiyomo kwenye faili, au kuficha iliyomo. Ikuze hadi pikseli zionekane ndipo uamue. Na ukiituma kwa WhatsApp, itume kama faili, si kama picha ya kawaida, kwa kuwa picha ya kawaida hupunguzwa ukubwa, na kupunguza ukubwa ni kulaza chandarua cha tatu juu ya viwili vya mwanzo.

Bora kuliko yote ni skrinishoti, kitufe cha PrtSc, ambayo haina kamera wala dirisha. Na bora kuliko skrinishoti ni faili lenyewe. Picha ya karani ilikuwa na megabaiti 3. Siku ya pili alilileta jedwali lenyewe kwa flashi ya kukopa, na lilikuwa na kilobaiti 38.