Waulize na waliobaki wazima

Watu wamekula kwenye matanga huko Baraka, na usiku wanaanza kutapika. Kesho yake maneno yanazagaa: wametiliwa sumu, na jina la mtu limeshatajwa. Anayepokea malalamiko asiandike jina hilo. Aandike saa.

Saa ya kula na saa ya kutapika kwa mara ya kwanza ndizo zinazosema mengi. Kutapika ndani ya saa 1 hadi 6 kunaelekeza kwenye sumu iliyokwisha kuwa ndani ya chakula, kama ile ya vijidudu vilivyokua katika chakula kilicholala bila ubaridi. Kuharisha na homa baada ya saa 6 hadi siku 3 kunafanana zaidi na salmonela. Na kwa sababu kipindupindu kinajulikana sana kando ya ziwa Tanganyika, mtu anayeharisha majimaji kama maji ya mchele apelekwe kituo cha afya mara moja, na kinyesi kichukuliwe kabla hajapewa antibiotiki. Muuguzi mkuu wa kituo apeleke habari siku hiyo hiyo kwa ofisi kuu ya zoni ya afya. Asingoje majibu ya maabara.

Mabaki ya chakula yasimwagwe wala kuliwa. Gramu 200 hivi za kila chakula ziwekwe kwenye chombo safi, zifunikwe, ziandikwe jina na saa, kisha zikae kwenye barafu.

Kosa kubwa ni kuwahoji wagonjwa peke yao. Tuseme waliokula ni 60, waliougua 26. Kati ya wagonjwa hao, 22 walikula wali, basi wali unashukiwa. Lakini hesabu ya wote inaonyesha kwamba waliokula wali walikuwa 50, yaani asilimia 44 waliugua. Na kati ya 10 ambao hawakuugusa waliugua 4, asilimia 40. Hakuna tofauti ya maana. Samaki waliliwa na watu 40, wakaugua 24, asilimia 60. Kati ya 20 ambao hawakuwala waliugua 2 tu, asilimia 10. Hapo ndipo uanze kuuliza samaki walipikwa lini na walikaa wapi.

Tena usikimbilie vijidudu. Kasese, Uganda, Septemba 2017, watu waliougua baada ya mazishi walidhaniwa kuugua kwa vijidudu. Uchunguzi ukaonyesha unga wa muhogo wenye sianidi, wastani wa miligramu 88 kwa kilo, wakati kiwango salama ni 10. Walioathirika walikuwa 98, wakafa 2, na unga ulifuatiliwa mpaka kwa muuzaji wa jumla. Kwetu Fizi bukari ya muhogo ni chakula cha kila siku, kwa hiyo uulize muhogo ulilowekwa siku ngapi, na unga ulinunuliwa kwa nani. Gunia lililobaki dukani lizuiwe lisiuzwe mpaka zoni itoe jibu.