Mazoezi ya Ngazi (2): Panda Mbio, Shuka Taratibu

Wiki iliyopita tuliona namna moyo unavyoamka mtu anapoiacha lifti. Leo tuingie kwenye zoezi lenyewe, maana wengi hulifanya kwa saa nzima bila sababu.

Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, walichapisha matokeo ya jaribio lao kwa wanawake wasiokuwa na mazoea ya mazoezi. Walipasha mwili moto kwa dakika 2, wakapanda ngazi kwa nguvu zao zote kwa sekunde 20, kisha wakashuka na kutembea polepole kwa dakika 2. Walipanda hivyo mara tatu, na baada ya mara ya tatu wakamalizia moja kwa moja kwa dakika 3 za kupoa. Jumla ni dakika 10, mara tatu kwa wiki. Baada ya wiki sita, uwezo wa miili yao kutumia oksijeni ulikuwa umeongezeka.

Tuseme unakaa ghorofa ya nne Kariakoo. Ukienda vidato viwili kwa sekunde, sekunde 20 zitakufikisha kama ghorofa ya pili, basi. Ukifika juu ujaribu kuzungumza: ukiweza kutoa maneno mawili matatu tu kabla ya kuvuta pumzi, kasi ilitosha. Ukiweza kumsimulia jirani habari za jana, ulikuwa unatembea. Mwenye shinikizo la damu au anayebanwa na kifua amwone daktari kwanza.

Sasa magoti. Watu huogopa kupanda, lakini mara nyingi kushuka ndiko kunakoyaonea. Unaposhuka, msuli wa mbele wa paja hufanya kazi ya breki huku ukivutika, na uzito wote hukaa juu ya goti moja lililokunjwa. Pia ya goti hukandamizwa kwenye mfupa wa paja. Kwa hiyo shuka kidato kimoja kimoja, mkono kwenye kishikio; kama lifti ipo na umeme upo, shuka nayo, si aibu.

Wakati wa kupanda, kanyaga kwa unyayo mzima badala ya ncha za vidole, na inamia mbele kidogo kuanzia nyongani ili misuli ya makalio ibebe sehemu ya mzigo. Goti lielekee vidole vya mguu, lisiangukie ndani. Vaa viatu vinavyoshika. Ndala kwenye ngazi zilizotoka kupigwa deki ni kutafuta plasta.

Paja kuuma kesho yake si neno. Goti kuvimba, kukwama au kulegea ghafla ni jambo jingine: acha, ukapimwe. Aliyezoea maumivu madogo ya mbele ya goti aanze na ghorofa moja kwa mwendo wa kawaida, na asiongeze ya pili mpaka goti liamke asubuhi likiwa vilevile lilivyolala.