Mistari miwili kuwa mmoja

Sura ya mageti ya mantiki katika vitabu vya elektroniki kwa kawaida huanza vizuri. Geti la NA hutoa 1 pale tu pembejeo zake zote zikiwa 1, geti la AU hutoa 1 hata ikiwa moja tu ni 1, na geti la SI hugeuza 0 kuwa 1 na 1 kuwa 0. Halafu inafuata orodha ndefu ya kanuni za aljebra, na hapo ndipo wanafunzi wengi hukwama: kanuni wanazijua kwa kichwa, ila hawajui waanze na ipi. Naamini kazi yote inaweza kufanywa kwa jicho, moja kwa moja kwenye jedwali la ukweli.

Tuchukue pampu ya nyumbani inayovuta maji kutoka kisimani hadi tangi la juu. A ni 1 tangi la juu likipungua. B ni 1 kisima kikiwa na maji. C ni 1 mtu akiwasha swichi kwa mkono. Pampu, tuiite Y, iwake tangi likipungua au mtu akiiwasha, lakini isiwake kamwe kisima kikiwa kikavu, maana pampu nyingi huharibika zikizunguka bila maji. Pembejeo tatu zina hali nane:

```
A B C | Y
0 0 0 | 0
0 0 1 | 0
0 1 0 | 0
0 1 1 | 1
1 0 0 | 0
1 0 1 | 0
1 1 0 | 1
1 1 1 | 1
```

Y ni 1 kwenye mistari mitatu tu: 011, 110 na 111. Ukiiandika kama ilivyo, ukiweka alama ya ' pale penye 0, unapata:

```
Y = A'BC + ABC' + ABC
```

Hii ni sahihi, lakini ni ghali. Kwa mageti yenye pembejeo mbili mbili, na kila kipande kikijengwa peke yake, inahitaji mageti sita ya NA, mawili ya AU na mawili ya SI. Chipu ya 74HC08 ina mageti manne tu ya NA, kwa hiyo utanunua mbili, pamoja na 74HC32 ya AU na 74HC04 ya SI. Chipu nne kwa pampu moja!

Sasa linganisha mistari hiyo mitatu, miwili miwili. Ukikuta miwili inayotofautiana kwenye safu moja tu, safu hiyo haina kazi tena. Ifute, na mistari hiyo iwe mmoja. 110 na 111 zinatofautiana kwenye C pekee, kwa hiyo C inaondoka na inabaki AB. 011 na 111 zinatofautiana kwenye A pekee, inabaki BC. Angalia kwamba 111 tumeitumia mara mbili. Hilo linaruhusiwa, na wengi hupoteza nusu ya faida kwa kudhani mstari ukishatumika umekwisha. B iko pande zote mbili, basi itoe nje:

```
Y = B(A + C)
```

Mageti mawili, chipu mbili.

Usiuze chipu zilizobaki kabla ya kurudisha jibu kwenye mistari yote nane. Mtu akisahau mabano akaandika BA + C, mstari wa pili, 001, utampa 1: kisima kikavu, pampu inazunguka. Kosa hilo huonekana kwa dakika moja kwenye karatasi; kwenye pampu huonekana ikiwa imeshaharibika.

Utaratibu huu pia hukuambia pa kuishia. Taa ya ngazi yenye swichi mbili, moja chini na moja juu, huwaka kwenye 01 na 10. Mistari hiyo inatofautiana kwenye safu zote mbili, kwa hiyo haiungani, na hakuna cha kufuta. Ndiyo sababu Maurice Karnaugh, alipochapisha ramani yake mwaka 1953, alipanga safu kwa mfuatano wa 00, 01, 11, 10: kila jirani anatofautiana na mwenzake kwa tarakimu moja tu, na jicho linaziona jozi papo hapo. Ramani hiyo hufaa hadi pembejeo nne. Zikifika sita, macho huchoka na kazi hupewa kompyuta.

Ukifika kwenye ubao wa majaribio, mageti usiyoyatumia ndani ya chipu hizi usiache pembejeo zake zikining'inia. Ziunganishe na ardhi, la sivyo zitapokea kelele za umeme na chipu kula umeme bure. Na tokeo la geti lisiungwe kwenye pampu moja kwa moja. Lipitishe kwenye transista, na transista iendeshe rilei.